Mama ana vidonda vya tumbo, anywe ibuprofeni?

"Karatasi ya ibuprofeni inaandika kontre-endikasyo, chini tena efe segonder. Si ni kitu kimoja? Mama ana vidonda vya tumbo, na goti linamuuma."

Hapana, dada. Kontre-endikasyo inamtazama mtu kabla hajameza: mwenye hali hii asiinywe. Efe segonder ni yale yanayoweza kumpata hata anayeruhusiwa, na wengi hayawapati.

Tumbo liko pande zote mbili, ndiyo maana watu wanachanganya. Ibuprofeni inatuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, kemikali ambazo mwili wenyewe unazitengeneza, na hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Wewe mzima pengine utasikia kiungulia tu. Kwa mama, kidonda ambacho hakijapona kinaweza kuanza kutoka damu. Kumeza baada ya kula ugali hakuondoi hatari hiyo, hata muuzaji wa dawa wa Kadutu, Bukavu, akiapa.

Kwa goti, muulize muuguzi juu ya parasetamoli, na umwambie kama mama ana shida ya ini. Kama ameshameza ibuprofeni, aache. Choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, au akitapika damu, mpeleke hospitali usiku huo huo.