Parasetamoli iliyojificha ndani ya dawa ya mafua

Nina kilo 52 na mafua yamenikamata tangu juzi. Nameza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 mara nne kwa siku, kama nilivyoelekezwa, na asubuhi na usiku nakunywa dawa ya mafua ya unga, ile ya kukoroga kwenye maji ya moto. Nimezidisha?

Inaelekea umezidisha, na kwa kiasi kisicho kidogo. Kabla hujameza kidonge kingine, nenda hospitali leo hii ukiwa na pakiti zote mbili mkononi.

Tupige hesabu pamoja. Vidonge viwili ni miligramu 1,000, na ukivimeza mara nne unapata miligramu 4,000, yaani gramu 4, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa cha mtu mzima mwenye afya ndani ya saa 24. Vidonge peke yake, basi, vimekwisha kujaza kibaba. Dawa nyingi za mafua za unga huwa na miligramu 500 hadi 1,000 za parasetamoli katika kila kipakiti. Geuza boksi lako usome ubavuni. Ikiwa pameandikwa 1,000, vipakiti viwili vimekuongezea 2,000 na jumla yako ya siku imefika miligramu 6,000. Umehesabu vidonge vinane, lakini ini lako limepokea sawa na kumi na viwili, jana na juzi pia.

Hospitalini watagawanya kiasi hicho kwa uzito wako. Miligramu 6,000 kwa kilo 52 ni takriban miligramu 115 kwa kila kilo kwa siku. Mtu aliyekwisha kuvuka kipimo cha kawaida, akifikisha miligramu 75 kwa kila kilo ndani ya saa 24, huhesabiwa kuwa anahitaji kupimwa damu. Wewe umepita hapo kwa mbali. Kuna uwezekano mkubwa kwamba majibu yatakuwa mazuri na utarudi nyumbani, lakini jambo hilo litajulikana kwa kipimo cha damu tu, si kwa namna unavyojisikia.

Nimeona kosa hili mara nyingi nikiwa dirishani pa kutolea dawa, na karibu kila mara aliyelifanya alikuwa mtu mwangalifu, aliyefuata maelekezo ya kila pakiti bila kukosea. Tatizo ni kwamba kila pakiti imeandikwa kana kwamba ndiyo dawa pekee iliyomo nyumbani. Hakuna inayojua kilichomo katika nyingine, kwa hiyo kazi ya kujumlisha hubaki kwa mgonjwa, ambaye wakati huo kichwa kinamuuma na hana nguvu za hesabu.

Dawa yangu ya kikohozi na mafua haina neno "parasetamoli" popote upande wa mbele. Nitajuaje kama imo?

Upande wa mbele hukueleza dawa inatibu nini. Kilichomo huandikwa nyuma au ubavuni, kwa herufi ndogo, katika orodha ya viambato vinavyofanya kazi. Hapo tafuta majina matatu. La kwanza ni Paracetamol. La pili ni Acetaminophen, jina linalotumiwa Marekani na katika dawa nyingi zitokazo huko. La tatu ni kifupisho APAP, ambacho kimewapita watu wengi machoni kwa sababu hakifanani na mawili ya kwanza. Yote matatu ni kitu kimoja, na miligramu zake hujumlishwa pamoja.

Baada ya kuliona jina, angalia kiasi kimeandikwa kwa kipimo gani, maana hapo ndipo dawa za maji huwapoteza watu. Chukua chupa iliyoandikwa miligramu 250 kwa kila mililita 5. Mtu akiona 250 hudhani ni kitu kidogo, nusu ya kidonge. Lakini ikiwa dozi ya mtu mzima kwenye chupa hiyo ni mililita 20, basi kila anapokunywa amepata mara nne ya 250, yaani miligramu 1,000, sawa na vidonge viwili kamili.

Usiishie kwenye dawa za mafua. Dawa kadhaa za maumivu zinazoandikwa na daktari huunganisha parasetamoli na kodeini au tramadoli, na zipo zinazoiunganisha na ibuprofeni au diklofenaki. Ya kuweka njia ya haja kubwa na ya dripu nazo zimo katika hesabu ileile. Mtu aliyetoka kung'olewa jino akiwa na vidonge alivyoandikiwa, kisha akashikwa na mafua wiki hiyohiyo, yuko katika hatari sawa na ya muulizaji wa kwanza.

Ushauri wangu ni mmoja: chagua mlango mmoja wa parasetamoli. Ukiamua kunywa mchanganyiko wa mafua wenye parasetamoli, acha vidonge. Ukipenda vidonge, mwombe mfamasia dawa ya pua au ya kikohozi isiyo na parasetamoli kabisa. Mimi hupendelea njia hii ya pili, kwa kuwa vidonge vya aina moja huhesabika kwa urahisi hata usiku, ukiwa na homa.

Hizo saa 24 zinaanza kuhesabiwa lini? Siku ikibadilika naanza upya?

Hapana, hauanzi upya usiku wa manane wala kunapokucha. Kila unapotaka kumeza dozi, geuka nyuma saa 24 kutoka dakika hiyo na ujumlishe ulichotumia. Tuseme ulimeza miligramu 1,000 Jumatatu saa 12 jioni, tena saa 5 usiku, tena Jumanne saa 11 alfajiri, na tena saa 5 asubuhi. Umefikisha 4,000. Jumanne saa 10 alasiri saa tano zimepita tangu dozi ya mwisho, na nafasi ya chini kati ya dozi ni saa nne, lakini bado huruhusiwi; mlango hufunguka saa 12 jioni, ile ya Jumatatu inapotoka kwenye hesabu. Andika saa na kiasi kwenye karatasi uibandike juu ya boksi la dawa, kwa sababu mgonjwa wa homa hakumbuki vizuri alimeza lini.

Kwa nini mpaka uwe 4,000? Namjua mtu anayemeza zaidi ya hapo na hana lolote.

Parasetamoli ikiingia mwilini, ini huifunga sehemu kubwa na kuitoa kwenye mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hupitia njia nyingine na kugeuka kitu chenye sumu, kiitwacho NAPQI. Kwa dozi ya kawaida sumu hiyo haidumu, kwa kuwa ini lina akiba ya kinga iitwayo glutathioni ambayo huidaka na kuizima papo hapo. Dozi ikizidi, njia salama hujaa, sumu nyingi zaidi hutengenezwa, na akiba huliwa haraka kuliko inavyojazwa. Akiba inapokaribia kwisha, sumu hushika chembe za ini lenyewe na kuziua.

Kwa hiyo swali halisi ni kila mtu ana akiba kiasi gani, na hilo halionekani kwa macho. Aliyekaa siku kadhaa bila kula vizuri, kama wagonjwa wengi wa mafua, ana akiba pungufu. Anayekunywa pombe nyingi kila siku ana akiba pungufu na pia ini lake huelekea kutengeneza sumu zaidi. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito ulio chini ya kilo 50 na mzee aliyedhoofika, hawa nao wasiichukulie 4,000 kuwa haki yao. Mara nyingi hupangiwa miligramu 2,000 au 3,000 kwa siku, na ni daktari au mfamasia anayepaswa kuwapangia. Huyo unayemjua huenda amekuwa na akiba ya kutosha hadi leo. Akiugua na kukosa hamu ya kula, kiasi kilekile alichokizoea kinaweza kumdhuru.

Jana usiku niligundua kwamba kwa siku mbili nimekuwa nikitumia dawa tatu zenye parasetamoli. Leo sina maumivu yoyote isipokuwa kichefuchefu kidogo. Nisubiri nione?

Usisubiri. Nenda sasa, na usimeze parasetamoli nyingine njiani. Ukimya wa siku ya kwanza ndio hatari kubwa ya dawa hii: mtu anaweza kujisikia mzima, au akawa na kichefuchefu, kutapika na jasho tu, mambo ambayo mwenye mafua huyahesabu kuwa ni mafua. Siku ya pili hadi ya tatu huja maumivu chini ya mbavu za kulia, na vipimo vya ini hupanda. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kwa walioumia sana, macho hugeuka manjano, damu hushindwa kuganda, mgonjwa huchanganyikiwa, na figo zinaweza kugoma. Anayengoja macho ya manjano ndipo aende amepoteza siku ambazo tiba ingemsaidia zaidi.

Tiba ipo, nayo ni nzuri. Inaitwa asetilisisteini, mara nyingi hutolewa kwa dripu, na kazi yake ni kulisaidia ini kuijaza upya ile akiba ya glutathioni. Kwa mtu aliyemeza kiasi kikubwa kwa mkupuo, ikianza ndani ya saa nane humkinga karibu kabisa. Ikichelewa nguvu yake hupungua, ingawa bado inafaa kutolewa.

Hali yako ni tofauti kidogo. Kwa aliyemeza kwa mkupuo, daktari hupima kiwango cha dawa kwenye damu kuanzia saa nne baadaye na kukilinganisha na chati. Chati hiyo haiwafai waliozidisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa sababu hakuna saa moja ya kuanzia. Damu inaweza kuonyesha dawa kidogo tu ilhali ini limekwisha kuguswa. Ndiyo maana maelezo yako yana uzito sawa na kipimo. Ukifika, usiseme tu kwamba una kichefuchefu, maana utapangwa foleni ya wenye mafua. Sema: "Nimezidisha parasetamoli kwa siku mbili bila kukusudia." Kisha weka boksi zote tatu mezani, pamoja na karatasi yenye saa na kiasi cha kila dozi unayoikumbuka, uzito wako, na kama umekuwa ukila au ukinywa pombe. Usijitapishe, na usitegemee maziwa wala maji mengi kuiondoa dawa. Kipimo cha kwanza cha ini kikitoka kizuri na daktari akataka kukirudia baada ya saa kadhaa, kubali kubaki, kwa kuwa vipimo hivyo huchelewa kupanda.