PC haisubiri amri imalizike

Swali: Habari injinia. Ninaandika programu ya kuiga prosesa ya 6502. Kitanzi changu cha kuhesabu kutoka 3 hadi 0 hakiishi, kila mara X inarudi kuwa 3. Nimeongeza 2 kwenye BNE na sasa kinafanya kazi. Je, hiyo 2 ni sahihi? Na kwa nini inahitajika wakati PC ndiyo inayoshika anwani ya amri inayotekelezwa? Programu ni hii:

```
0200  A2 03   LDX #$03
0202  CA      DEX
0203  D0 FD   BNE $0202
0205  00      BRK
```

Jibu: Hiyo 2 ifute. Kwa kitanzi hiki imekupa jibu sahihi, lakini imefunika kosa litakalozuka tena kwenye amri nyingine, na huko hutalitambua upesi. Kosa lenyewe limo kwenye maneno yako ya mwisho, kwamba PC inashika anwani ya amri inayotekelezwa. Sikulaumu wewe. Sentensi hiyo imejaa kwenye mihtasari ya mitihani inayozungushwa kila mahali, pamoja na ule mchoro wa mishale mitatu: leta, fasiri, tekeleza, kisha eti PC inaongezwa na mzunguko unaanza upya. Anayeikariri hupata alama zake. Siku anapoigeuza kuwa programu ndipo inapomtoa jasho.

PC inashika anwani ya baiti itakayosomwa baadaye. Inaongezwa pale pale baiti inaposomwa, wala haingoji amri imalizike. Tuifuate BNE yako mpigo kwa mpigo wa saa, na anwani zote hapa ni za heksadesimali kama ulivyoziandika.

DEX ya kwanza imeshapita. X imeshuka kutoka 3 hadi 2, na kwa kuwa matokeo si sifuri, bendera Z ni 0. PC ina 0203.

Mpigo wa kwanza, 0203 inawekwa kwenye njia ya anwani na memori inajibu kwa D0. Hiyo D0 inaingia kwenye rejista ya amri, na PC inakuwa 0204. Tazama mpangilio huo vizuri: prosesa bado haijajua D0 ni amri gani, na PC imeshaondoka.

Mpigo wa pili, PC inatoa 0204, memori inarudisha FD, na PC inakuwa 0205. Wakati huohuo sakiti za kufasiri zinaishughulikia D0. Watu hudhani hapa kuna jedwali linalosomwa au akili fulani inayoelewa amri. Hakuna. Andika D0 kwa biti: 11010000. Biti tano za mwisho, 10000, ndizo zinazozitambulisha amri za kuruka kwa sharti. Biti mbili za mwanzo, 11, zinachagua bendera Z. Biti ya tatu, ambayo ni 0, inataka bendera hiyo iwe 0 ndipo kuruka kufanyike. Igeuze biti hiyo moja iwe 1 upate F0, na hiyo ni BEQ, amri ya sharti la kinyume. Kufasiri ni nyaya za biti hizo kufungua njia fulani na kufunga nyingine. Na ukiangalia, X haijaguswa popote. BNE haijui kama kuna X. Inaangalia Z tu, iliyoachwa na DEX.

Ndiyo maana mishale mitatu inapotosha. Katika mpigo huu wa pili prosesa inaleta na kufasiri kwa wakati mmoja, na tayari imeleta mara mbili kwa amri moja.

Mpigo wa tatu, Z ni 0, kwa hiyo tunaruka. FD ni namba yenye ishara, yaani −3. (Ukisahau ishara utaihesabu kuwa 253 na utajikuta 0302. Hilo ni kosa jingine maarufu, ila wewe hukulifanya.) Prosesa inajumlisha −3 na kilichomo ndani ya PC wakati huo. Kilichomo ni 0205. Jibu ni 0202, kwenye DEX, kama inavyotakiwa. Hesabu hiyo ikiendelea, prosesa imeshaagiza baiti iliyoko 0205, ile 00 ya BRK, na inaitupa bila kuitumia. Ukiunganisha kipimo kwenye nyaya za anwani utaiona 0205 ikipita hapo. PC ilikuwa huko kweli.

Sasa chukua programu yako. Wewe uliiacha PC ikae 0203 mpaka amri iishe. 0203 ukitoa 3 ni 0200, na kwenye 0200 kuna nini? LDX #$03. Kila ukiruka unaipakia X upya, ndiyo maana inarudi kuwa 3 na kitanzi hakiishi. Prosesa yako ilitii kabisa, ila ilianza kuhesabu kutoka mahali pasipo sahihi.

Ukaongeza 2, na kwa sababu kila amri ya kuruka kwa sharti kwenye 6502 ina baiti mbili, jibu likakaa sawa. Ni kumeza dawa ya maumivu huku jino limeoza. Nionyeshe programu kumi za wanafunzi na nitakuonyesha hizo +1 na −2 zimepachikwa humo, bila mwandishi kuweza kueleza hata moja. Wamejaribu namba hadi ikakubali, au wameinakili kwa aliyefanya hivyo kabla yao.

Itakukamata wapi? Kwenye JSR. Tuseme badala ya BRK unaweka hii:

```
0205  20 40 02   JSR $0240
0208  00         BRK
```

JSR inahifadhi anwani ya kurudia kwenye rafu, na RTS inaichukua, inaongeza 1, kisha inaendelea kutoka hapo. Kwa mtindo wako JSR itahifadhi 0205, RTS itaongeza 1, na utarudi kwenye 0206. Pale kuna 40, nusu ya anwani ya JSR yenyewe. Lakini prosesa haina njia ya kutofautisha baiti ya anwani na baiti ya amri. Popote PC inapoelekeza wakati wa kuleta amri, hapo pana amri. Na 40 kwenye 6502 ni RTI, amri ya kurudi kutoka kwenye katizo. Itachota bendera na anwani nzima kutoka kwenye rafu ambako hukuziweka, na PC itatokomea usikokujua. Hutapata ujumbe wowote wa kosa. Utaona tu programu imeruka mbali, na utaanza kuitafuta hitilafu kwenye RTI ambayo hukuiandika.

Prosesa halisi inahifadhi 0207. Wengi huikariri hiyo kama kituko cha 6502, na wengine hufundisha hivyo hivyo: «kumbuka kutoa 1». Hakuna kituko. JSR inasoma 20, PC inakuwa 0206. Inasoma 40, PC inakuwa 0207. Kisha, kabla ya kuisoma baiti ya tatu, inasukuma PC kwenye rafu. Kilichomo wakati huo ni 0207. Baada ya hapo ndipo inaisoma 02 na kuruka kwenda 0240. RTS inaongeza 1 kwa sababu baiti moja ilikuwa bado haijahesabiwa. Ukifuata mpangilio wa kusoma, hiyo namba inajileta yenyewe.

Kwa hiyo kuongeza PC kukae pamoja na kusoma, na kusiwe na mahali pengine popote panapoongeza «urefu wa amri»:

```
def leta():
    global pc
    b = mem[pc]
    pc = (pc + 1) & 0xFFFF
    return b

ir = leta()
if ir == 0xD0:
    d = leta()
    if d > 127:
        d = d - 256
    if z == 0:
        pc = (pc + d) & 0xFFFF
```

Zingatia kwamba `d` inaletwa hata kama hatutaruka. Ukiiweka ndani ya sharti, siku Z ikiwa 1 PC itabaki kwenye FD na utaitekeleza FD kama amri.

Kuna watakaosoma haya na kuondoka na kanuni mpya ya kukariri: «kuruka huhesabiwa kutoka amri inayofuata». Tafadhali msifanye hivyo. Kwenye prosesa za x86 ni kweli pia, umbali huhesabiwa kutoka mwisho wa amri ya kuruka. Kwenye RISC-V si kweli: huko huhesabiwa kutoka anwani ya amri ya kuruka yenyewe. Na kwenye ARM ya biti 32, amri ikiisoma PC katika hali yake ya kawaida ya amri za baiti 4, inapata anwani yake yenyewe ukiongeza 8, yaani amri mbili mbele, kwa sababu prosesa za mwanzo za familia hiyo zilikuwa zikileta amri moja na kufasiri nyingine huku ya tatu ikitekelezwa. Kila mbunifu aliamua lake na akaliandika kwenye mwongozo wa prosesa yake, kwenye maelezo ya amri husika. Muhtasari wa kurasa mbili unaodai kufundisha «prosesa yoyote» hauwezi kukuambia hilo, na anayeuuza mara nyingi hajawahi kuufungua huo mwongozo.

Ukishabadilisha, pima kwa vitu viwili kabla ya kurudi kwenye kitanzi chako. Weka Z iwe 0, kisha endesha `D0 00` peke yake kwenye 0203: PC iishie 0205, kana kwamba hakukuwa na kuruka. Halafu `D0 FE`, ambayo ni −2: lazima irudi 0203 na kujizungusha yenyewe bila mwisho. Kisha rudisha programu yako ya kwanza, ile yenye BRK, na uhesabu mipigo. LDX huchukua 2, kila DEX 2, na BNE huchukua 3 ikiruka na 2 isiporuka (ikirukia ukurasa mwingine wa baiti 256 inaongezeka 1, ila hapa hatuvuki). BNE inaruka mara mbili na kuachia mara moja, kwa hiyo hadi unapofika kwenye BRK jumla lazima iwe 16. Ikitoka namba nyingine, usiongeze wala kupunguza kitu. Chapisha PC kila `leta()` inapoitwa, na utafute mstari wa kwanza ambao haulingani na ulichokiandika kwa mkono.