Ankara mbili za leseni, duka moja, mwaka mmoja

Januari 2025 maafisa wa halmashauri walipita mtaani kwetu wakikagua leseni. Mimi nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, na leseni yangu ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kaunta. Kijana mwenye mashine ya posi aliitazama, akabonyeza, kisha akaniambia, "Dada, leseni nimeiona, lakini mfumo unaonyesha unadaiwa ya 2024/2025." Nilikuwa nimelipa shilingi 80,000 Agosti 2024. Alichonionyesha ni 80,000 nyingine na faini juu yake.

Nawaandikia wenzangu wa Tanzania wenye maduka ya aina hii, wale ambao leseni zao hutolewa na halmashauri, kwa sababu jambo hili lilinichukua wiki kadhaa na nusu ya muda huo niliipoteza kwa kubishana na mtu asiye na uwezo wa kulirekebisha. Afisa anayepita na posi anasoma kilichoandikwa. Hawezi kufuta deni hata akikuamini.

Kabla ya kulalamika popote, hakikisha kwanza kwamba kweli umetozwa mara mbili. Leseni ya biashara ni ya miezi 12 kuanzia siku ilipotolewa, lakini mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Leseni yangu ilianza Agosti 9, 2024 na kuisha Agosti 8, 2025, kwa hiyo inagusa miaka miwili ya fedha. Mtu aliyelipa Agosti 2024 na akalipa tena Agosti 2025 anaweza kuona "2025" kwenye karatasi zote mbili, akadhani kaibiwa, kumbe ni vipindi viwili vinavyofuatana. Usitazame mwaka ulioandikwa juu ya ankara. Tazama tarehe ya kuanza na ya kuisha, uziweke ubavuni mwa leseni yako. Vipindi vikipandana, kwa biashara ileile na eneo lilelile, hapo una hoja. Soma pia jina la tozo: ushuru wa huduma hutozwa kwa mauzo na si leseni, na tawi la pili lina leseni yake.

Zangu zilipandana. Nilimwomba yule kijana anichapie ankara badala ya kunisomea tu, na hiyo karatasi ndiyo iliyonifungua macho. Mahali na aina ya biashara vilikuwa vilevile, ila mteja aliandikwa kwa majina yangu matatu. Leseni ya ukutani imeandikwa jina la duka.

Hapo nikakumbuka. Mpaka katikati ya 2024 nilikuwa nafanya biashara kwa jina langu binafsi. Juni mwaka huo nikasajili jina la biashara BRELA, na Agosti nilipokwenda kuhuisha, mhudumu wa dirishani alifungua kumbukumbu mpya kwa jina hilo. Ile ya zamani haikufungwa. Leseni yake ilipoisha Agosti 13, 2024, mfumo ukahesabu kwamba kuna mfanyabiashara ambaye hajahuisha, ukampandishia deni na faini. Mfanyabiashara huyo ni mimi.

Kilichoniokoa ni TIN. Kusajili jina la biashara hakukufanyi kuwa mtu mwingine mbele ya sheria. Mmiliki ni yuleyule na namba ya mlipakodi ni ileile. Kumbukumbu zote mbili zilikuwa na TIN moja, na huo ndio ushahidi mfupi kuliko yote kwamba duka ni moja. Lakini kama wewe uligeuza biashara kuwa kampuni, usitumie hoja hii. Kampuni ni mtu wa kisheria anayejitegemea, ina TIN yake, na leseni mpya kwa jina lake inadaiwa kihalali. Unachoweza kuomba hapo ni kumbukumbu yako binafsi ifungwe kuanzia siku ulipoacha kufanya biashara kwa jina lako.

Watu wawili walinishauri nilipe tu niwe na amani, nidai baadaye. Sikukubali, na nisingemshauri mtu. Ukilipa, kumbukumbu ya zamani inaonekana hai na imehuishwa, kwa hiyo mwakani itadai tena. Na fedha ikishaingia kwenye mapato ya halmashauri, kurudishiwa mkononi ni safari ndefu. Kama umeshalipa, omba kiasi hicho kihesabiwe kwenye leseni inayofuata, na uombe kwa maandishi.

Nilikwenda kwanza kwa afisa biashara. Alinisikiliza vizuri, akasema atalishughulikia. Wiki mbili baadaye deni lilikuwa palepale. Mazungumzo ya dirishani hayaachi alama. Ndipo nikaandika barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa mweka hazina na afisa biashara, nikaipeleka masjala, na nikahakikisha nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua iliyopitia masjala inaingia kwenye jalada na lazima mtu aiandikie dokezo. Kiini chake kilikuwa hiki:

"YAH: OMBI LA KUFUTIWA ANKARA YA LESENI ILIYOJIRUDIA. Mimi ni mmiliki wa duka lililotajwa hapo juu. Agosti 9, 2024 nililipia leseni ya mwaka mmoja kwa namba ya malipo iliyoambatishwa. Ankara ya pili imetolewa kwa jina langu binafsi, kwa duka hilohilo, kipindi hichohicho na TIN hiyohiyo. Naomba kumbukumbu ya zamani ifungwe kuanzia Agosti 13, 2024, na ankara hiyo pamoja na faini vifutwe."

Angalia kwamba nimeomba mambo mawili. Ukiomba ankara ifutwe peke yake, kumbukumbu itabaki na kuzaa nyingine. Niliambatisha leseni ya zamani na mpya, stakabadhi ya malipo, cheti cha BRELA, hati ya TIN na ile ankara iliyochapwa. Kwenye stakabadhi nilizungushia kalamu ile namba ya tarakimu 12 tunayoiita kontrol namba. Ujumbe wa simu unaosema fedha imetoka hautoshi kama namba hiyo haionekani, maana mhasibu huitafuta kwa hiyo namba na si kwa jina lako.

Katikati ya kusubiri, walirudi tena na safari hii kiongozi wao alisema angefunga duka. Nilimwonyesha leseni iliyo hai na nakala yenye muhuri, nikamwomba kwa heshima, "Kaka, kama unafunga, naomba uniandikie sababu na jina lako." Alipiga picha ya barua, akaenda duka la pili.

Siku ya kumi na tisa tangu muhuri nilipigiwa simu na mhasibu wa mapato. Alitaka kitu kimoja tu: nithibitishe kwamba sina duka jingine kwa jina langu. Niliandika mstari mmoja, nikasaini. Kesho yake nikaenda mwenyewe, nikaomba anichapie taarifa ya madeni kwa TIN yangu, si kwa jina la duka. Ilitoka ukurasa mmoja, leseni moja, salio sifuri. Nimeibandika ukutani chini ya leseni, na Agosti 2025 nilipohuisha nilikwenda nayo dirishani, nikamwonyesha mhudumu kumbukumbu ya kufungua kabla hajaandika chochote.