Kugawa mara kumi au kugawa kwa kumi?

*Swali: Mwalimu wetu alitupa mlinganyo x³ − x − 2 = 0, akasema suluhisho liko kati ya 1 na 2, kisha akaandika: "Kigawe kipande hiki mara kumi ili jibu liwe sahihi hadi nafasi 3 za desimali." Mwenzangu anashikilia kwamba ilipaswa kuwa "kwa kumi", na kwamba "sahihi hadi nafasi 3 za desimali" ni sawa na "kosa lisilozidi 0.001". Je, ana haki?*

Katika lile la kwanza mwalimu wako yuko sahihi, ingawa sentensi yake imeacha neno moja muhimu. "Kwa" hutaja kigawanyo, ilhali "mara" huhesabu tendo lenyewe. Ukikigawa kipande kati ya 1 na 2 kwa kumi, unapata vipande kumi vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na urefu wa 0.1, na kazi imekwisha. Ukikigawa nusu mara kumi, kila mara ukibaki na nusu moja tu, urefu unaosalia ni 1/1024, yaani pungufu kidogo ya 0.001. Neno lililokosekana ni "nusu", na mimi ningeandika: "Kigawe kipande hiki nusu kwa nusu, mara kumi."

Tazama tendo hilo linavyokwenda. Weka 1 mahali pa x, upande wa kushoto unakuwa −2. Weka 2, unakuwa 4. Kwa kuwa thamani imetoka hasi ikafika chanya bila kukatika popote, lazima imepita kwenye sifuri mahali fulani katikati. Katikati ni 1.5, na hapo thamani ni −0.125, ambayo bado ni hasi. Kwa hiyo suluhisho liko kati ya 1.5 na 2. Hiyo ni mara ya kwanza. Mara ya pili unajaribu 1.75, unapata takriban 1.609, ambayo ni chanya, na kipande kinabaki kati ya 1.5 na 1.75. Kinachohesabiwa kuwa "mara" ni kule kutupa nusu moja, wala si kule kukokotoa thamani, maana thamani mbili za mwanzo, za 1 na 2, zilikokotolewa kabla ya kugawa chochote. Wanafunzi wengi huzijumlisha na hizo, wakasimama mapema.

Hesabu ya mara inaweza kufanywa kabla hujaanza: chukua urefu wa mwanzo, ugawe kwa 2 tena na tena hadi upate urefu unaotakiwa, kisha uhesabu umegawa mara ngapi. Kipande kingeanza na urefu wa 2 badala ya 1, ingehitajika mara moja zaidi.

Katika lile la pili, mwenzako hana haki, na mlinganyo huuhuu unamkosoa. Baada ya kugawa mara tisa, suluhisho limebanwa kati ya 1.519531 na 1.521484. Ukichukua namba iliyo katikati, 1.520508, kosa haliwezi kuzidi nusu ya urefu wa kipande, yaani 1/1024. Sharti la "kosa lisilozidi 0.001" limeshatimia. Lakini kadiria ncha mbili za kipande hadi nafasi 3 za desimali: ya chini inakuwa 1.520, ya juu inakuwa 1.521. Tarakimu ya tatu bado haijulikani, hivyo mtu hawezi kudai kwamba jibu ni "sahihi hadi nafasi 3". Gawa mara moja zaidi, yaani mara ya kumi, ncha zinakuwa 1.520508 na 1.521484, na zote mbili sasa zinakadiriwa kuwa 1.521. Hapo ndipo kauli ya mwalimu inapata haki yake.

Hata hivyo, kumi hapa imetosha kwa sababu ya mahali suluhisho hili lilipo. Mlinganyo ambao suluhisho lake limekaribia sana mpaka wa kukadiria, kwa mfano 1.5215 na sehemu ndogo mno juu yake, unaweza kugawanywa mara kumi na tano na ncha zake zikaendelea kutokubaliana. Urefu wa kipande unaweza kuuahidi mapema, tarakimu huwezi. Kwa hiyo anayetaka kutaja idadi ya mara kabla ya kazi kuanza na aandike "kosa lisilozidi" kiasi fulani. Na anayetaka kuandika "sahihi hadi nafasi 3 za desimali" na akadirie kwanza ncha zote mbili, aone kama zinatoa namba moja.