Maswali na Majibu: Jumla ya Saa Inapovuka 24

Nimejumlisha saa za mlinzi wetu kwa siku tano: 8:30, 9:15, 8:45, 9:00 na 8:00. Kwa mkono napata saa 43 na nusu, lakini Excel inaandika 19:30. Fomula yangu ina kasoro gani?

Fomula iko sawa, na hata jumla iliyomo ndani ya seli ni sahihi. Kinachokupotosha ni namna seli inavyoionyesha.

Excel huhifadhi muda kama sehemu ya siku. Siku nzima ni 1, saa 12 ni 0.5, saa 6 ni 0.25. Saa zako 43 na nusu ukizigawa kwa 24 unapata 1.8125, na hiyo ndiyo namba iliyomo. Muundo wa kawaida, `h:mm`, ulitengenezwa kuonyesha saa ya ukutani, na saa ya ukutani haina 43. Kwa hiyo ile 1 inahesabiwa kuwa siku moja iliyokwisha pita, haionyeshwi, kisha inabaki 0.8125, yaani 19:30. Tofauti ya jibu lako na la Excel ni saa 24 kamili, na hiyo ndiyo dalili ya tatizo hili. Kwa jumla kubwa zaidi zitapotea 48, 72 na kuendelea.

Chagua seli ya jumla, bonyeza Ctrl+1, nenda Number, kisha Custom, na kwenye kisanduku cha Type andika:

```
[h]:mm
```

Mabano ya mraba yanaiambia Excel iendelee kuhesabu saa bila kuanza upya kila inapofika 24. Utaona 43:30 papo hapo. Kwenye Google Sheets njia fupi ni Format, Number, Duration. LibreOffice nayo hutumia mabano hayohayo: `[HH]:MM`.

Sasa naona 43:30 vizuri. Malipo ni shilingi 3,000 kwa saa, lakini nikizidisha napata 5,437.50. Mlinzi atanielewa kweli?

Hatakuelewa, na haki iko upande wake. Muundo hubadilisha sura tu. Ndani bado kuna 1.8125, na 1.8125 mara 3,000 ndiyo hiyo 5,437.50. Umemlipa kwa siku kana kwamba umemlipa kwa saa. Geuza siku ziwe saa kwanza kwa kuzidisha na 24. Kama jumla iko B7:

```
=B7*24*3000
```

Jibu ni 130,500. Seli ya malipo ikijiandika kwa sura ya saa, ipe muundo wa Number. Ningependa kila anayetengeneza hesabu za mishahara aipitie fomula hii kwa mfanyakazi mmoja na kalamu mkononi kabla ya kuinakili kwa wote, maana kosa likiwa kwenye safu nzima halijitokezi kirahisi.

Nimeweka mabano kwenye safu nzima na siku moja ikageuka 199:12! Kabla ya hapo ilikuwa 7:12 na hakuna aliyeishtukia.

Aliyejaza siku hiyo aliandika 8.30 kwa nukta badala ya 8:30. Kwenye kompyuta inayotumia nukta kutenga desimali, Excel inasoma 8.30 kuwa namba 8.3, na kwake hizo ni siku nane na sehemu tatu kati ya kumi. Muundo wa zamani ulificha siku nane zote ukaacha 0.3, ambayo ni saa 7 na dakika 12, muda unaofanana kabisa na zamu ya kweli. Mabano yameufichua. Andika upya 8:30 kwa nukta mbili.

Kwa sababu hiyo nakushauri uweke `[h]:mm` kwenye seli za kila siku pia, si kwenye jumla peke yake. Zamu yoyote yenye saa zaidi ya 24 itajionyesha yenyewe.

Kuna ndugu wa kosa hili: muda uliohifadhiwa kama maandishi, hasa ukitoka kwenye mashine ya mahudhurio. `SUM` huuruka bila kusema neno, na jumla inapungua. Jaribu `=ISNUMBER(B2)`; ikijibu FALSE, tumia `=VALUE(B2)` kwenye safu ya pembeni, uipe muundo uleule wa mabano, kisha ujumlishe hiyo.

Naweza kupata dakika tupu?

Ndiyo, kwa `[m]`. Jumla ya mlinzi itasomeka 2610.

Nataka sentensi chini ya ripoti: “Jumla ya saa: 43:30”. Nikiunganisha kwa & inatokea 1.8125.

Alama ya & huchukua namba ya ndani na kuuacha muundo wa seli. Muundo utaje ndani ya fomula yenyewe:

```
="Jumla ya saa: "&TEXT(B7,"[h]:mm")
```

Ukisahau mabano hapa, ile 19:30 inarudi. Matokeo haya ni maandishi, kwa hiyo hesabu za malipo ziendelee kusoma B7.