Maswali na majibu: Tope kwenye jezi za picha ya timu ya shule

Swali: Nimepiga picha ya timu ya shule baada ya mechi, jezi nyeupe zimejaa udongo mwekundu na mwalimu anataka zitoke safi. Nikipitisha healing brush ya Photoshop inabaki ukungu ukungu wa kahawia. Nafanyaje? (Mpiga picha, Njombe)

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujashika brashi yoyote zumu picha mpaka 100% halafu mwangalie mchezaji mmoja mmoja. Jiulize kitu kimoja tu, je chini ya hilo doa bado naona kitambaa? Yaani mikunjo ipo, kivuli cha mkunjo kipo, hata nyuzi zinaonekana ila zimepakwa rangi. Kama unaviona basi kitambaa hakijapotea, tatizo lako ni rangi, na ukianza kukloni hapo unafuta mikunjo halisi ya mtoto wa watu unamwekea ya kubandika. Kama huoni chochote, ni bonge la tope limekaa juu, hapo ndo unaazima kitambaa sehemu nyingine. Madoa mengi kwenye picha za timu ni ya aina ya kwanza lakini watu wanayatibu yote kama ya pili, ndo maana jezi zinatoka zimevimba kama mto.

Tuchukue beki aliyeteleza akalala ubavu, doa limeanzia begani kushoto limeshuka mpaka kiunoni, juu ni jepesi na kule kiunoni kuna bonge. Anza na lile jepesi. Fungua leya mpya tupu, ibadilishe mode iwe Color, chukua brashi laini, shika Alt ubonyeze kitambaa safi kilicho jirani kabisa na doa, kisha paka kwa Opacity ya kama 50% mpaka ukahawia uondoke. Nasema jirani kabisa kwa sababu jezi nyeupe kwenye picha siyo nyeupe, upande wa kivuli inavuta kwenye bluu ya anga na upande wa jua la jioni inavuta kwenye njano, ukichukua rangi ya upande mmoja ukapaka mwingine unatengeneza doa jipya.

Ukimaliza utaona pale pamebaki kijivu. Usiogope, mode ya Color inagusa rangi tu, mwanga haiugusi, na tope lilikuwa limetia giza. Sasa weka leya ya Curves juu yake, inua mstari katikati kidogo, geuza maski yake iwe nyeusi kwa Ctrl+I, halafu kwa brashi nyeupe laini yenye Flow ya 10% pitisha taratibu pale penye kijivu tu mpaka palingane na jirani. Mikunjo yote inabaki mahali pake na ndo raha yenyewe.

Bonge la kiunoni sasa. Leya mpya tupu, Clone Stamp, hakikisha Sample imesoma Current & Below na Aligned ina tiki, ili upake kwenye leya yako bila kugusa picha ya chini. Tafuta kitambaa safi kwenye jezi ya huyo huyo beki, sehemu ambayo mikunjo inaelekea upande ule ule na mwanga unafanana, mara nyingi ni upande wa pili wa tumbo. Badilisha mode ya leya hiyo iwe Lighten. Hapo brashi itabadilisha tu sehemu zenye giza kuliko kile ulichokichukua, tope linafunikwa na kitambaa safi kilichopakana nalo kinaachwa kama kilivyo, labda ubakishe viukingo vidogo vya kusafisha kwa mkono.

Na ule ukungu wako unatokana na hivi, healing inachukua unamunamu wa kule ulikobonyeza lakini rangi na mwanga inavilinganisha na pale unapopaka, pembeni mwa brashi. Sasa kama pembeni mwa brashi bado pana tope, inavuta tope ndani. Ndo hivyo tu. Kwa hiyo kloni kwanza uvuke ukingo wa doa kidogo, healing ije mwishoni kulainisha maungio, na ukikaribia mkono wa mchezaji au ukosi wenye rangi tofauti iache kabisa, rudi kwenye Clone Stamp yenye ukingo mgumu kiasi.

Swali: Jezi zetu ni maruni iliyokolea, tope limekauka limekuwa jeupe jeupe. Hiyo njia ya kung'arisha inazidi kuharibu. (Mwalimu wa michezo, Kakamega)

Jibu: Mwalimu, kwako ni kinyume. Tope likikauka kwenye kitambaa cheusi au kilichokolea linakuwa na mwanga kuliko kitambaa chenyewe, kwa hiyo leya ya Clone Stamp unaiweka mode ya Darken, na ile Curves unaishusha badala ya kuipandisha. Leya ya Color inabaki vile vile, unachukua maruni ya jirani. Ila angalia vivuli vya kwapani, maruni ikiwa gizani inakaribia weusi, usije ukapaka pale maruni ya kifuani.

Swali: Tope limeangukia kwenye mistari ya jezi na nembo ya shule kifuani. Nikikloni mistari inavunjika. (Niko Moshi, naanza kazi za studio)

Jibu: Mistari inavunjika kwa sababu unabonyeza popote. Bonyeza Alt juu ya ukingo wenyewe wa mstari, pale rangi mbili zinapokutana, kisha peleka kishale kwenye ukingo wa mstari ule ule mbele kidogo na kabla ya kupaka angalia ndani ya duara la brashi, Photoshop inakuonyesha kile utakachobandika, kingo zikilingana ndo upake. Paka vipande vifupi ukifuata mstari, na mstari ukipinda kwenye mkunjo chukua chanzo kipya, usiburuze kutoka juu mpaka chini kwa mkupuo mmoja.

Nembo usijaribu kuikloni wala kuichora. Kama imepakwa rangi tu na maandishi yanasomeka, itibu kwa Color rangi moja baada ya nyingine, ni kazi ya subira ila inabaki nembo halisi ya jezi ile. Kama haisomeki, azima kwa mwenzake. Timu nzima imevaa jezi moja, kwa hiyo mtafute mchezaji aliyegeuza kifua upande ule ule na aliyesimama karibu, maana aliye kwenye kona nyingine ya picha mwanga wake si huo. Izungushie Lasso ukiacha nafasi kidogo pembeni, Ctrl+J upate leya yake, isogeze, Ctrl+T kisha Warp uikunje ifuate kifua cha huyu wa pili. Usiigeuze kama kwenye kioo hata siku moja, maandishi yatasomeka kinyumenyume na wazazi wataona kabla yako. Kisha kingo zake zifute kwa maski laini, na kama mwanga haulingani weka Curves iliyobanwa kwenye leya hiyo peke yake.

Na akikosekana hata mmoja mwenye nembo safi, muombe mwalimu jezi moja, iweke mahali penye mwanga kama ule wa siku ya picha uipige.

Swali: Mimi nina simu tu, naweza? (Mwanafunzi, Tanga)

Jibu: Kwa jezi nyeupe unaweza kwa kiasi fulani. Snapseed ina Brush, ndani yake kuna Saturation, ishushe chini ya sifuri upitishe kwenye doa jepesi, ukahawia unaondoka kitambaa kikabaki, halafu kwenye hiyo hiyo Brush pandisha Exposure kwa kiwango kidogo kabisa upitishe tena. Vitone vidogo vya tope vipitishie Healing ukiwa umezumu sana, kimoja kimoja. Bonge kubwa au doa la kwenye mistari liache, Healing ya kule inajichagulia yenyewe pa kuchukua kitambaa na huwezi kuielekeza. Na kwa jezi za rangi ujanja wa Saturation haufai, utaua na rangi ya jezi. Picha waombe wakutumie kama Document kwenye WhatsApp, siyo kama picha ya kawaida, ikishabanwa ule unamunamu wa kitambaa umekwenda na kila utakachopaka kitaonekana kiraka.

Swali: Kwenye skrini ilikuwa safi, nimeprinti A3 viraka vinaonekana. Kwa nini? (Studio, Mwanza)

Jibu: Kwa maelezo hayo nashuku mambo mawili. La kwanza chengachenga. Mechi za shule zinaisha jioni, ISO imepanda, picha nzima ina punje punje, na pale ulipopaka kwa brashi ya kawaida hakuna hata punje moja, kwenye karatasi panakuwa kama pamepigwa pasi. Chukua leya ya kiraka, Filter > Noise > Add Noise, weka tiki Monochromatic, anza na 1 au 2% uongeze polepole huku ukilinganisha na jirani kwa 100%. Color na Curves hazina shida hii kwa sababu punje za chini zinabaki, sababu nyingine ya kuzipenda.

La pili ni tofauti ndogo ya mwanga ambayo jicho halikuiona kwenye skrini. Kabla ya kuprinti weka juu ya leya zote Curves ya muda, uipinde kwa ukali iwe kama S iliyosimama wima, picha itakuwa mbaya mbaya lakini viraka vyote vitajitokeza wazi na alama zilizojirudia pia, kile kikunjo ulichokikloni mara mbili utakiona hapo hapo. Rekebisha, kisha ifute hiyo Curves. Na A3 kwa 300 ppi inataka pikseli 3508 kwa 4961, kama faili lako ni nusu ya hapo basi hata kazi nzuri itaonekana laini laini, waambie wateja wachukue A4.

Swali: Tope la usoni na magotini nalo litoke? Na mwanangu ana kovu kwenye goti. (Mama wa mchezaji, Morogoro)

Jibu: Mama, kovu siligusi, ni lake. Tope la usoni natoa kama shule imesema jezi ziwe safi, maana uso wenye tope juu ya jezi safi unaonekana umebandikwa. Magoti na soksi mimi huwa napunguza tu, hawa watoto wamesimama kwenye uwanja wa udongo na viatu vina udongo, soksi zikiwa nyeupe pee picha nzima inakataa.

Swali: Hivyo vyote vipo GIMP? Photoshop sina hela yake. (Dodoma)

Jibu: Vipo. Mode ya leya inaitwa HSL Color, kloni inafunguka kwa herufi C na healing kwa H, chanzo unabonyeza kwa Ctrl badala ya Alt, weka tiki kwenye Sample merged na Alignment iwe Aligned, na zile Lighten na Darken kule ni Lighten only na Darken only. Curves ya GIMP wengi wanaizoea ikifanya kazi moja kwa moja juu ya leya, kwa hiyo nakili picha nzima kwenye leya mpya kwa New from Visible, ing'arishe hiyo, kisha iwekee maski nyeusi upake nyeupe pale penye doa tu. Hifadhi kwa XCF mpaka mwalimu akubali, JPEG toa ya mwisho ya kuprinti.