Maswali Yenu: Anguko la Michezo ya Video Marekani, Mwaka 1983

Nimesikia kwamba mchezo mmoja mbovu, ule wa E.T., ndio ulioiangusha Atari, kampuni ya mashine za michezo ya video. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

La, ingawa kisa chake kinaonyesha vizuri ugonjwa wenyewe. Mchezo huo ulitokana na filamu ya E.T.; Atari ilipata haki za filamu hiyo katikati ya mwaka 1982, ikataka mchezo uwe madukani kabla ya Krismasi, hivyo mwandishi wake wa programu, Howard Scott Warshaw, akapewa takribani wiki tano za kuuandika, kazi ambayo kwa kawaida ilichukua miezi kadhaa. Mchezaji alitumbukia shimoni, akapanda kwa taabu, na mara nyingi akatumbukia tena papo hapo. Katriji, yaani vibweta vyenye mchezo ndani vilivyochomekwa kwenye mashine, zipatazo milioni 4 zilitengenezwa, na nyingi hazikupata mnunuzi.

Binafsi naona dalili ilikuwa imeshajitokeza mapema mwaka huohuo kwa Pac-Man, mchezo ambao mizuka yake ilimetameta na kupotea kwenye skrini lakini ukauzwa kwa mamilioni. Mchezo mbovu uliouzwa sana hudhuru kuliko ule uliokosa wanunuzi, kwa kuwa hasara yake huangukia katriji ya pili, ambayo mteja aliyekwisha kuudhika haioni tena kuwa na thamani ya fedha zake.

Kwa nini Atari haikuwazuia wengine kutengeneza michezo ya mashine yake? (Msomaji, Mombasa)

Haikuwa na njia. Mashine yake ya mwaka 1977 haikukagua chochote. Katriji yoyote iliyoingia na kushika vizuri ilicheza. Mwaka 1979 waandishi wa programu wanne waliotoka Atari walishiriki kuanzisha Activision, wakashtakiwa, na kesi ikamalizika mwaka 1982 kwa makubaliano kwamba Atari ilipwe mrabaha. Tangu hapo mlango ulikuwa wazi. Activision walikuwa mafundi kweli, lakini faida yao iliwavuta wasiojua kazi: hata Quaker Oats, kampuni ya uji wa shayiri, ilikuwa na tawi la michezo, na mtengenezaji mmoja wa chakula cha mbwa alitoa mchezo wa kutangaza bidhaa yake.

Michezo mibovu ikiwa mingi, si mtu angechagua mizuri tu na kuiacha mingine? (Msomaji, Dodoma)

Angechaguaje? Katriji ilikuwa ndani ya boksi lenye mchoro wa kupendeza usiofanana na kilichomo, na iliuzwa kwa dola 30 au 35. Hata hivyo, kilicholivunja soko zaidi ni hesabu za maduka. Oktoba 1981 Atari iliwataka wauzaji wa jumla waagize mapema mzigo wa mwaka mzima uliofuata; nao, wakizoea kupewa pungufu ya walichoomba, wakaagiza kupita kiasi. Bidhaa za washindani zilipojaa, maagizo yakaanza kufutwa, na tarehe 7 Desemba 1982 kampuni mama, Warner, ilipotangaza kwamba faida ingekuwa ndogo sana kuliko ilivyotarajiwa, hisa zake ziliporomoka.

Maduka yalizoea kurudisha mzigo usiouzika na kupewa fedha au mchezo mwingine. Kampuni ndogo zilikuwa zimekwisha kutumia fedha zao kununua chipu, ambazo mchezo ukishachapwa ndani yake haziwezi kuandikwa upya, kwa hiyo hazikuwa na cha kulipa wala mchezo mpya wa kubadilishana. Nyingine zilifilisika, na mwenye duka akabaki na rafu iliyojaa bila mtu wa kumrudishia. Akateremsha bei hadi dola 5. Sasa mzazi mwenye dola 35 aliweza kununua katriji saba za rundo badala ya moja mpya, na mchezo mpya uliotengenezwa kwa uangalifu ukakosa mnunuzi kwa sababu ya bei ya jirani yake.

Kompyuta za nyumbani zilichangia? (Msomaji, Kampala)

Zilichangia. Commodore 64 ilitoka mwaka 1982 kwa dola 595, na katika mwaka uliofuata bei yake ikashuka hadi karibu dola 200. Ilicheza michezo, na mtoto aliweza kusema ni ya masomo.

Soko lilifufukaje? (Msomaji, Maskati)

Japani halikufa, kampuni ya huko, Nintendo, ilitoa mashine yake ya michezo, Famicom, Julai 1983. Marekani mauzo yalishuka kutoka takribani dola bilioni 3 hadi karibu milioni 100 mwaka 1985, mwaka ambao Nintendo iliingia New York. Mashine yake ilikuwa na chipu iliyokataa katriji isiyoidhinishwa, na kampuni nyingine zilizoiandikia michezo ziliwekewa kikomo cha michezo mitano kwa mwaka. Wenye maduka, waliokwisha kuungua, hawakushawishika kwa hayo. Walikubali kuiweka rafuni baada ya Nintendo kuahidi kwamba wangelipia tu kilichouzwa na kwamba yenyewe ingechukua kilichobaki.